Septrini kwa anayeishi na VVU: nani aendelee, nani aache, na lini

"Nesi, hizi nazirudisha." Aliyesema hivyo alikuwa mama wa Muheza, muuza machungwa, na alichokiweka mezani kilikuwa mfuko wa kaki uliojaa karatasi za Septrini zisizofunguliwa. Hesabu yangu ya haraka ilinipa vidonge vya miezi miwili na nusu. ARV zake alikuwa anameza bila kukosa, virusi vimefubaa, mwili umenona. Akaniuliza swali ambalo wagonjwa wengi wa CTC, kliniki ya VVU, hapa Tanga huliuliza kimoyomoyo, kisha wakajijibu wenyewe nyumbani: kama nimepona hivi, hili la Septrini nalimezea nini?

Swali ni zuri na lina jibu, ila jibu halifanani kwa kila mtu. Mwongozo huu ninauandikia mtu mzima anayetumia ARV na aliyeandikiwa Septrini ya kila siku, na pia ndugu anayemsaidia. Watoto nitawagusa mwishoni, kwa sababu kanuni zao ni nyingine.

Kwanza, jua unameza nini

Septrini ni jina la biashara lililozoeleka. Dawa yenyewe ni kotrimoksazoli, na ndani yake mna dawa mbili: salfamethoksazoli na trimethoprimu. Vijidudu vingi, vikiwemo bakteria na vimelea vya malaria, hujitengenezea foliki vyenyewe ili viweze kuzaana. Dawa hizi mbili zinaikata kazi hiyo katika sehemu mbili tofauti. Sisi binadamu foliki tunaipata kwenye mboga na maharage, ndiyo maana dawa inaviumiza vijidudu zaidi kuliko inavyotuumiza sisi.

Haigusi VVU hata kidogo. Nimeshapokea mtu aliyeacha ARV akabaki na Septrini kwa sababu "zote ni za CTC", na mwingine aliyefanya kinyume chake, akidhani akiacha Septrini ameacha ARV. Kazi ya Septrini ni kulinda mlango wakati kinga imelala. Inazuia nimonia ya Pneumocystis, inazuia toksoplazma inayoshambulia ubongo, inapunguza nimonia za kawaida na baadhi ya magonjwa ya kuhara, na inapunguza malaria. Hilo la mwisho likumbuke, kwani kwa mtu wa mkoa huu ndilo linaloamua mambo mwishoni.

Dozi ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 960 mara moja kwa siku. Hapa ndipo watu hukosea bila kujua. Kuna kidonge cha 480 na kuna cha 960. Ukipewa vya 480 unameza viwili kwa pamoja, ukipewa cha 960 ni kimoja tu. Mwezi huu unaweza kupewa vya 480, mwezi ujao boksi limebadilika, na mtu anaendelea na mazoea yake. Soma namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya vidonge kila unapochukua dawa. Ikiwa kliniki imeishiwa na umeelekezwa ununue duka la dawa muhimu, taja namba hiyo kwa muuzaji, usiseme "Septrini" tu. Ukisahau asubuhi, meza unapokumbuka. Ikishafika zamu ya kesho, endelea na ya kesho bila kurundika. Na maji kunywa ya kutosha, hasa kaskazi na joto lake, kwa sababu dawa za jamii ya salfa zinaweza kuganda na kuwa chembechembe kwenye figo zilizokauka.

Nani anapaswa kuanza

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema mtu mzima aanze akiwa na CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ya 350 au pungufu, au akiwa na ugonjwa wa hatua ya tatu au ya nne ya VVU hata kama CD4 haijulikani. Mwenye kifua kikuu pamoja na VVU naye aanze, CD4 yake iwe ngapi. Kisha kuna sentensi ambayo wengi huiruka: pale ambapo malaria au maambukizi makali ya bakteria yamekithiri, wapewe wote wenye VVU bila kujali CD4.

Mjamzito yumo, katika umri wowote wa mimba. Lakini kwake kuna mtego ambao nauhesabu kuwa ndio hatari kuliko yote katika dawa hii. Kliniki ya mama na mtoto hutoa SP, ile ambayo wengi bado wanaiita Fansida, ili kuzuia malaria katika mimba. SP nayo ni salfa. Mama anayemeza kotrimoksazoli kila siku hapaswi kupewa SP juu yake, kwa sababu zikikutana madhara makali ya ngozi na damu huongezeka, na kinga ya malaria tayari anayo ndani ya Septrini. Tatizo ni kwamba anayetoa SP anaweza asiijue hali ya mama, na mama hataki kuitaja kwenye benchi lililojaa majirani zake. Wagonjwa wangu nawafundisha sentensi moja ya kumwambia muuguzi: "Mie natumia kotrimoksazoli ya kila siku." Mtaalamu atakuelewa papo hapo, na aliyekaa benchi la nyuma hataambulia kitu. Sharti lake ni kwamba uwe kweli unaimeza. Mama aliyeiacha kimyakimya kisha akaikataa SP amebaki bila kinga yoyote ya dawa.

Maswali ya kabla ya kidonge cha kwanza

Hayachukui dakika tano. Je, umewahi kumeza Septrini au SP ukatoka upele, malengelenge, au ukavimba midomo? Je, una ugonjwa mkubwa wa figo au ini? Je, umewahi kukojoa mkojo wa rangi ya kahawa baada ya dawa fulani, au kuna ndugu aliyewahi kuishiwa damu ghafla namna hiyo? Swali hili la mwisho linatafuta upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si ngeni kwa watu wa pwani yetu. Mwenye upungufu huo chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka akipata dawa za namna hii.

Wazee wanaotumia dawa za presha nao wataje majina ya dawa zao. Trimethoprimu huzuia potasiamu isitoke mwilini, na baadhi ya dawa za presha, kama lisinopril, losatani na spironolaktoni, hufanya vivyo hivyo. Mtu mwenye figo zilizochoka akizichanganya anahitaji kupimwa damu.

Wiki mbili za kwanza: upele

Upele ukija, mara nyingi huja ndani ya wiki mbili za mwanzo. Yule mama wa Muheza ulimtokea siku ya tisa. Wakati huo, miaka miwili kabla ya siku ya ule mfuko wa kaki, alikuwa amekuja na CD4 ya 112, kilo 46 na hemoglobini ya 9.8. Alipewa ARV na Septrini karibu kwa wakati mmoja, kama inavyofaa kwa mtu aliyedhoofu kiasi hicho. Siku ya tisa alifika amejifunika kanga hadi puani, vipele vyekundu kifuani na mikononi, vinawasha.

Nilichokitazama kwanza hakikuwa vipele. Nilimwambia, "Dada, fungua mdomo," kisha nikatazama macho, kisha nikambonyeza ngozi. Kinywa kilikuwa safi, macho hayakuwa mekundu, hakukuwa na malengelenge wala homa. Upele wa namna hiyo, wa kutapakaa lakini mkavu, hauilazimishi dawa isimame. Alipewa setirizini ya kuzuia muwasho, akaambiwa aendelee na Septrini na arudi baada ya siku mbili, na akaelezwa ni kipi kikimtokea asisubiri siku hizo mbili. Wiki iliyofuata ngozi ilikuwa imetulia.

Mpaka wa hatari ni huu. Malengelenge, vidonda kinywani au sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, homa pamoja na upele, ngozi inayouma kuliko inavyowasha, au ngozi inayomenyuka kama imeungua: chochote kati ya hivyo, usimeze kidonge kingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ngozi ikishaanza kuvuka na vidonda vimeingia kinywani, huo unaweza kuwa ugonjwa wa Stiveni-Jonsoni, nao unaua. Aliyeupata hapewi kotrimoksazoli tena maishani, wala SP, na jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi yake.

Katikati ya hizo pande mbili kuna watu ambao upele wao ulilazimu dawa isimame lakini haukufikia hatua hiyo ya mwisho. Hao, ngozi ikishapona, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi, wanaweza kuzoeshwa dawa upya. Hufanyika chini ya uangalizi wa kliniki, kwa dawa ya maji yenye miligramu 240 katika mililita 5, na dawa ya kuzuia mzio huanza siku moja kabla. Siku ya kwanza ni mililita 2, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8. Siku ya tano ni kidonge kimoja cha 480, na ya sita ni dozi kamili ya 960. Wengi huvuka salama. Nazitaja namba hizi ili ujue kwamba njia ipo na uiulizie. Usijifanyie nyumbani, kwani siku ambayo mwili utakataa unamhitaji mtu wa kukutazama kinywani. Isipowezekana kabisa, kuna dapsoni miligramu 100 kwa siku. Inalinda dhidi ya Pneumocystis, lakini upande wa bakteria na malaria haina upana wa Septrini, na mwenye upungufu wa G6PD haimfai.

Kuacha: utafiti unasema nini

Sasa turudi kwenye mfuko wa kaki.

Utafiti uliofanyika Uganda na Zimbabwe uitwao DART uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 walioanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200. Matokeo ya upande wa kotrimoksazoli yalichapishwa mwaka 2010. Katika wiki 12 za kwanza waliokuwa wanaimeza walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa karibu asilimia 60. Kuanzia hapo hadi wiki ya 72 faida ilishuka lakini ilikuwa bado kubwa. Baada ya wiki ya 72, tofauti ya vifo haikuonekana tena. Kwa hiyo anayehisi kwamba dawa hii ina mwisho wake hajakosea. ARV zikishaamsha kinga, mlinzi wa mlangoni hana kazi kubwa kama mwanzo.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba malaria ilipungua kwa takriban robo. Hapo ndipo wengine wakajiuliza: je, tukiwaachisha watu waliokwisha kuimarika? Uganda, katika utafiti wa COSTOP, watu wazima 2,180 wenye CD4 ya 250 na kuendelea waligawanywa, nusu wakaendelea na kotrimoksazoli, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Walioachishwa waliugua zaidi, hasa malaria, ingawa matatizo ya chembe za damu yalikuwa machache kwao. Huko Homa Bay, magharibi mwa Kenya, watu 500 waliokuwa kwenye ARV kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, wenye CD4 juu ya 350, nao waligawanywa. Walioacha waliugua malaria, nimonia na kuhara mara mbili na zaidi ya walioendelea, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa malaria.

Zisome tafiti hizi pamoja utaona kwamba zinakubaliana. Kinga ikirudi, sababu ya zamani ya kumeza Septrini huondoka. Inayobaki ni mbu. Ndivyo mwongozo wa 2014 ulivyo: mtu mzima aliyetulia kwenye ARV, kinga imepanda na virusi vimefubaa, anaweza kuacha, lakini palipokithiri malaria au maambukizi makali ya bakteria, aendelee bila kujali CD4.

Maswali manne ya kuulizana na tabibu

La kwanza: umekaa kwenye ARV kwa muda gani bila kukatiza? Chini ya mwaka mmoja mie sitaki hata kuendelea na maswali mengine.

La pili: wingi wa virusi ukoje? Kipimo kiwe cha karibuni, na kiwe kimefubaa. CD4 nzuri yenye virusi vingi ni nyumba inayong'aa huku mchwa wapo darini.

La tatu: CD4 iko juu ya 350? Kipimo kimoja kinaweza kudanganya, kwa kuwa CD4 hupanda na kushuka hata kwa mafua. Mimi hupenda kuona viwili vilivyoachana kwa miezi. Kliniki nyingi siku hizi hupima zaidi wingi wa virusi kuliko CD4 kwa mtu aliyetulia, kwa hiyo ukitaka mazungumzo ya kuacha, CD4 huenda ukalazimika kuiomba.

La nne: unaishi wapi, unalala wapi, na umeugua nini miezi 12 iliyopita? Malaria ngapi zilizothibitishwa kwa kipimo, nimonia, kifua kikuu, kuhara kwa kulazwa? Swali hili halina kipimo cha maabara, na kwa hiyo ndilo huulizwa kijuujuu.

Dada wa Muheza na kaka wa Lushoto

Mama yule ana kaka yake wa tumbo moja anayelima mboga milimani Lushoto. Naye anaishi na VVU. Wote wawili walikuwa wanashuka Tanga mjini kuchukua dawa, maana kwao kila mtu anamjua kila mtu. (Maelezo yao nimeyachanganya na ya wagonjwa wengine ili wasitambulike.) Walikuja siku moja, na walitaka jambo moja.

Dada: miaka 38, miezi 26 kwenye ARV, virusi chini ya 50, CD4 vipimo viwili, 391 kisha 436. Kaka: miaka 44, miezi 30 kwenye ARV, virusi chini ya 50, CD4 405 kisha 452. Kwa maswali matatu ya mwanzo ni kama wamenakiliana.

Swali la nne likawatenganisha. Kaka analala milimani kwenye baridi, ambako malaria ni haba kuliko kule bondeni. Kwa miaka miwili hakuwa na malaria hata moja, na homa pekee aliyopata ilikuwa ya mafua. Hasafiri sana, mboga zake hununuliwa hukohuko. Dada anaishi bondeni kwenye mashamba, kwenye mvua na mbu wa mwaka mzima, na kazi yake humtoa ndani ya neti tangu alfajiri kupakia machungwa. Nilipomuuliza kuhusu zile karatasi zilizobaki, alikiri kwamba alianza kuziacha kabla ya masika. Nikafungua faili: katikati ya masika hiyo alikuja na homa, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akatibiwa kwa dawa mseto. Mwaka uliotangulia, alipokuwa anameza kila siku, hakuna.

Mgonjwa mmoja si ushahidi, na malaria ile angeweza kuipata hata akiwa anameza. Lakini pamoja na zile tafiti, picha ilitosha. Tabibu alimwachisha kaka, dada akaombwa aendelee.

Dada hakufurahi. "Yeye mzima, mie mgonjwa?" Nikamwambia, "La, dada yangu, nyote wazima. Yeye anaishi kwenye baridi, wewe unaishi kwa mbu." Tukazungumza kinachomchosha hasa. Kumbe si dawa, ni ukubwa wa vidonge na kwamba alikuwa anameza viwili vya 480 asubuhi tumbo likiwa tupu, kichefuchefu kinampanda garini. Tukahamishia usiku pamoja na ARV, baada ya chakula. Hemoglobini ilikuwa 12.1, kwa hiyo damu haikuwa sababu ya kuisimamisha. Ingekuwa imeshuka, au chembe nyeupe zimepungua, mizani ingeinamia upande mwingine, maana foliki inayokatwa kwa vijidudu inaweza kukosekana kwenye uboho wetu pia.

Ukiruhusiwa kuacha

Huhitaji kupunguza kidogo kidogo. Siku ya kuacha unaacha. Hakikisha tarehe na sababu vimeandikwa kwenye faili na kwenye kadi yako, kwa sababu utakayemkuta dirishani miezi sita ijayo huenda si huyu wa leo, na atakupa tena kwa mazoea. ARV zinaendelea kama zilivyokuwa. Vidonge vilivyobaki virudishe. Septrini iliyobaki kabatini ndiyo anayopewa mtoto wa jirani anayeharisha, au shangazi mwenye kikohozi ambaye hakuna aliyemuuliza kama salfa inamdhuru.

Kaka alipewa masharti matatu. Neti kila usiku, na akishuka kukaa Korogwe au Muheza kwa msimu, aseme kliniki kabla ya kwenda. Homa yoyote apime malaria siku hiyo hiyo, na anayempima amweleze kwamba Septrini ameacha. Kukohoa kwa zaidi ya wiki mbili, kupumua kwa shida, kuhara kusikokoma au kupungua uzito, arudi bila kungoja tarehe.

Kuanza tena si aibu wala si kurudi nyuma. CD4 ikishuka tena kufikia 350 au chini, ugonjwa wa hatua ya tatu au ya nne ukijitokeza, kifua kikuu kikigundulika, au mwanamke akishika mimba mahali penye malaria, mazungumzo yanafunguliwa upya. Virusi vikipanda, shughulika na ARV kwanza, na Septrini irudi wakati chanzo kinatafutwa, kwani hujui kinga itashuka kwa kasi gani. Aliyewahi kuugua Pneumocystis au toksoplazma asiachishwe kwa mkato. Huyo kinga yake ilishawahi kushindwa waziwazi, na daktari ayapitie majalada yake kwa makini zaidi.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanza kotrimoksazoli akiwa na wiki 4 hadi 6, hata kama kipimo chake cha kwanza ni hasi. Nimonia ya Pneumocystis huwavamia vichanga katika miezi michache ya mwanzo na huwaua upesi, mara nyingine kabla majibu hayajarudi. Kwa dawa ya maji ya 240 katika mililita 5, mwenye kilo 3 hadi chini ya 6 hupewa mililita 2.5 kwa siku. Kilo 6 hadi chini ya 14, mililita 5. Kilo 14 hadi chini ya 25, mililita 10. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe cha dawa chenye alama, usitumie kijiko cha chai cha nyumbani.

Anaacha lini? Si anapopata jibu hasi la kwanza, wala la pili, maadamu bado ananyonya. Anaacha pale anapokuwa ameshaacha kunyonya kabisa, muda uliowekwa na kliniki umepita, na kipimo cha mwisho kimetoka hasi. Kina mama wengi huiacha mtoto anapoanza kula uji wakadhani ndiko kuacha kunyonya. Ziwa la usiku nalo ni kunyonya.

Mtoto mwenye VVU haendi kwa kanuni ya watu wazima. Utafiti wa ARROW wa mwaka 2014, nao wa Uganda na Zimbabwe, uliwachukua watoto 758 waliokuwa kwenye ARV kwa karibu miaka miwili au zaidi. Walioachishwa walilazwa hospitali zaidi ya mara moja na nusu ya walioendelea, kwa malaria na kwa maambukizi mengine. Kwa mkoa kama huu, mzazi akiniuliza mwanawe aache lini, namjibu asiwe na haraka.

Mama wa machungwa sasa anachukua dawa za miezi mitatu mitatu. Safari iliyopita alipewa za 960, akanigeuzia karatasi na kuisoma mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Hiki kimoja, si viwili."